Leza kwenye kidevu cheusi: kinachotoka, kinachobaki na kinachounguza

Mwanamke anayekuja kwenye kliniki yetu hapa Mombasa kwa ajili ya ndevu huwa amekwisha kupitia kila njia. Amekwenda saluni kutolewa kwa uzi, amepakwa nta, amepika sukari na ndimu jikoni kwake, na mwisho amenunua wembe anaoutumia usiku mlango ukiwa umefungwa. Kidevu chake kina vipele na madoa meusi yaliyosababishwa na kung'oa na kukwaruza, na mara nyingi yale madoa ndiyo yanayomuumiza moyo kuliko nywele zenyewe. Anauliza swali moja: leza itazimaliza?

Mimi ni muuguzi, na kazi ya mashine hii nimeifanya kwa miaka sasa, nyingi yake kwa watu wa rangi yangu. Kabla sijamjibu humlaza chini ya taa, nikashika kioo cha kukuzia na kupitisha kidole kwenye taya. Natafuta aina mbili za nywele. Kuna zile nene, nyeusi, ngumu, zinazochoma kidole, ambazo mara nyingi huota chini ya kidevu na kwenye koo. Na kuna malaika, zile laini nyembamba zinazofunika mashavu na kushuka mbele ya masikio. Za kwanza leza inaziweza. Za pili haiziwezi, na zikiguswa bila sababu huweza kuleta balaa nitakayoieleza mbele.

Kwanza kinachotendeka. Mwanga wa leza haung'oi kitu. Unaingia kwenye ngozi, unafyonzwa na rangi nyeusi iliyomo ndani ya nywele, ile melanini, na pale unapofyonzwa unageuka kuwa joto. Joto likiwa la kutosha linasambaa kutoka kwenye unywele hadi kwenye kifuko unamoota, na kifuko kikiungua vya kutosha hakizalishi tena, au kinazalisha unywele mwembamba zaidi. Ni jambo lile lile analolijua kila aliyekalia kiti cheusi cha bodaboda kilichoachwa juani saa saba mchana: cheusi hunywa mwanga na kuuweka.

Tatizo letu liko hapo hapo. Melanini iliyo kwenye nywele ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye ngozi yetu, na mwanga hauna njia ya kubagua. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, ngozi inaupitisha na nywele inaunyaka. Kwa mtu mweusi, ngozi ya juu inaunyaka kwanza, inapata moto, na kinachobaki ndicho kinachofika kwenye shina la nywele. Ukiongeza nguvu ili shina liungue, unaunguza ngozi. Ukipunguza ili uihurumie ngozi, shina linapata uvuguvugu tu.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu ni urefu wa wimbi la mwanga. Mashine za aleksandraiti hutoa mwanga wa nanomita 755, ambao melanini huupenda sana. Hizo ni nzuri kwa ngozi nyeupe na ni hatari kwa nyeusi. Dayodi huwa karibu na 810, katikati. Kisha kuna Nd:YAG, yenye nanomita 1064. Melanini haiufyonzi sana mwanga huu, kwa hiyo sehemu kubwa hupita ngozi ya juu bila kuiunguza na kwenda ndani kabisa, kwenye shina. Kwa ngozi nyeusi hasa, ile ambayo madaktari huipa daraja la 5 na la 6 kwenye kipimo cha Fitzpatrick, hii ndiyo mashine yenye usalama zaidi.

Ila usalama huo una gharama yake, na wauzaji wengi hawaitaji. Mwanga usiopendwa sana na ngozi haupendwi sana na nywele pia. Nd:YAG huuma zaidi kuliko nyingine, huhitaji nguvu kubwa zaidi, na matokeo yake kwa kawaida huwa ya polepole na pungufu kidogo kuliko yale anayoyapata mwanamke mweupe kwa aleksandraiti. Nywele nyembamba haizioni kabisa. Kwa hiyo zile picha za kwenye simu, shavu kama yai baada ya vikao vitatu, si picha za ngozi yetu wala za mashine yetu.

Na kuna IPL, iliyojaa kwenye saluni na kwenye vile vifaa vya kutumia nyumbani. Watu huiita leza lakini si leza. Inatoa mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, mwingi wake ukiwa ule ule unaofyonzwa sana na ngozi nyeusi. Vifaa vingi vya nyumbani huandikwa kabisa kwenye karatasi yake kwamba ngozi nyeusi isitumie, na vingine vina kitambuzi kinachokataa kuwaka. Kikikataa, kisikilize.

Nimwelezee binti wa khalati yangu, kwa ruhusa yake, maana kwake nimeona mambo karibu yote. Anaishi Mji wa Kale, ngozi yake ni nyeusi ya kung'aa, na ndevu zilianza kumtoka kidevuni tangu usichana wake. Kabla hajaja kwangu alikwenda mahali fulani mjini akaambiwa ni leza. Alirudi nyumbani taya likiwaka moto. Kesho yake asubuhi akaona mistari ya mraba, kama madirisha yaliyopangwa, kila mraba ukiwa na ukubwa wa kichwa cha mashine. Kwenye miraba miwili ngozi ilifanya malengelenge. Baada ya wiki mbili malengelenge yalikauka, na miraba ikageuka kuwa meusi kuliko ngozi yake. Alifunika kwa mtandio, na alipokuwa harusini alikaa upande ambao taa hazimfikii.

Alama za umbo la kichwa cha mashine ndizo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Zinaonyesha kwamba nguvu au mwanga haukuwa wa ngozi ile, au ubaridi haukutosha. Nilipomuuliza mashine iliitwaje, alikuwa na picha aliyojipiga akiwa kitandani, na kwenye skrini nyuma yake yalisomeka wazi maandishi IPL.

Sikumgusa kwa leza siku hiyo, wala kwa miezi kadhaa iliyofuata. Ngozi iliyoungua na kuacha weusi ikichomwa tena huacha weusi zaidi. Daktari wetu alimpa dawa ya kupaka ya kupunguza doa, na mimi nikamsisitizia mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata akiwa ndani ya buibui, kwa sababu taya na kidevu haviko ndani ya buibui na jua la Mombasa linarudi kutoka baharini na kwenye kuta nyeupe. Nilimwambia pia aache uzi na kibanio. Leza inahitaji unywele uwemo ndani ya kifuko ili upate joto. Ukishaung'oa, mwanga hauna pa kushika. Kunyoa kwa wembe kunaruhusiwa, kwa kuwa shina linabaki. Hilo lilimtisha. "Nikinyoa si zitaota nene?" Hazioti nene. Wembe hukata ncha iliyochongoka na kuacha ncha butu, ndiyo maana mkono huhisi ukwaruzo, lakini kifuko chini hakina habari.

Tulimuuliza pia kuhusu krimu. Hapa mjini swali hili lazima liulizwe kwa upole na bila kumkodolea mtu macho, kwa sababu wengi hawatasema. Krimu nyingi za kung'arisha huwa na steroidi ndani. Steroidi hupunguza unene wa ngozi hivyo leza huiunguza kwa urahisi, na zikipakwa usoni kwa muda mrefu zenyewe huotesha nywele. Nimewaona wanawake wanaolipia leza mashavuni huku kila usiku wakipaka kitu kinachoziotesha. Kwao mashine haina kazi mpaka krimu iachwe, na iachwe chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huchachamaa ikikatiziwa ghafla.

Doa lilipofifia vya kutosha tulifanya jaribio. Pigo chache tu, chini ya taya karibu na sikio, mahali ambapo likitokea la kutokea halitaonekana. Kisha tukasubiri wiki mbili. Sehemu nyingi husubiri siku moja au mbili, na hizo zinatosha kuonyesha kuungua. Hazitoshi kuonyesha weusi, kwa sababu kwenye ngozi yetu doa jeusi huchelewa. Ngozi huweza kuonekana salama siku ya tatu na kuanza kuiva wiki ya pili. Ukiambiwa jaribio na kikao kamili ni siku moja, umeambiwa kwamba hakuna jaribio.

Kikao chenyewe kilikuwa hivi. Alinyoa usiku uliotangulia. Tulimfuta uso mpaka ukawa hauna poda wala mafuta, kwa sababu hata wanja au poda nyeusi iliyobaki hunyaka mwanga na kuunguza. Tukamvalisha miwani ya chuma isiyopitisha kitu, tukafunga mlango, nami nikavaa yangu. Mwanga wa 1064 hauonekani kwa macho lakini unaweza kuharibu jicho kabisa, na ndiyo sababu hatuchomi nyusi wala kope, hata mtu akisihi vipi.

Kuna namba moja ambayo napenda mgonjwa aijue: muda wa pigo. Kwa ngozi yake niliweka milisekunde 30. Ngozi ya juu ni nyembamba, hupoa upesi; unywele mnene na kifuko chake hupoa polepole. Ukilitoa joto kwa kulirefusha badala ya kulipiga mara moja, ngozi inapata nafasi ya kulitoa huku shina likizidi kulikusanya. Sambamba na hilo tunaipoza ngozi kabla, wakati na baada ya pigo, kwa hewa baridi au kioo baridi kilicho kwenye kichwa cha mashine. Baadhi ya mashine hupoza kwa mnyunyizo wa gesi, na huo nao ukikosewa huacha alama za pete au mwezi mwandamo, maana baridi kali huunguza kama moto. Nguvu tunaanza nayo chini, tunapanda kidogo kidogo tukiiangalia ngozi.

Na ngozi husema. Dakika chache baada ya pigo, ukiona kila shimo la unywele limevimba kidogo kama kipele cha baridi, na kuna harufu ya nywele iliyoungua, kazi imefika mahali pake. Ukiona ngozi imegeuka kijivu au nyeupe, au imeanza kuinuka, simama hapo hapo na weka baridi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mimi hushika kwa mgongo wa mkono na kumuuliza mtu: "Maumivu yanakwisha, au yanaendelea kuwaka?" Kila pigo huuma kama mpira wa raba uliovutwa ukaachiwa, na hupita. Yakiendelea kuwaka dakika kadhaa baadaye, kuna kitu.

Baada ya hapo alikwenda nyumbani na mambo machache: baridi jioni ile, mafuta mepesi, asisugue uso kwa siku kadhaa, asing'oe kitu, ajikinge na jua. Wiki iliyofuata alinipigia akiwa na hofu. "Dada, zinaota tena!" Hazikuwa zinaota. Nywele zilizokufa husukumwa nje kwa wiki moja hadi mbili na huonekana kama zinarefuka. Ukizifuta kwa kitambaa cha uvuguvugu zinatoka bila kuvuta. Baada ya hapo kidevu kinakuwa kimya kwa muda, na hicho ndicho kipindi ambacho wengi hudhani wamepona.

Hawajapona. Kila wakati ni sehemu tu ya nywele za uso zilizo katika hatua ya kukua na zilizounganika vizuri na shina lake, na hizo ndizo leza inazozipata. Zilizolala zitaamka baadaye. Ndiyo sababu vikao hurudiwa, usoni kwa kawaida kila wiki 4 hadi 6. Watu wengi huhitaji vikao 6 hadi 8 kabla ya kusema kwa haki kama imefaa, na kwa ngozi nyeusi iliyotibiwa kwa Nd:YAG ni kawaida kuzidi hapo.

Kwake yeye ilikuwa hivi. Mwisho wa vikao vya kwanza sita, ndevu za chini ya kidevu zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu kwa macho yangu na picha tulizopiga kwa taa ile ile. Zilizobaki zilikuwa nyembamba na zenye kuota polepole. Aliyekuwa akinyoa kila siku sasa ananyoa mara moja kwa wiki au zaidi. Jambo alilolifurahia kuliko yote lilikuwa vipele. Nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa hurudi kujichoma ndani ya ngozi. Zilipopungua, vipele vikaisha, na vilipoisha vipele madoa yakaanza kuondoka yenyewe. Wanaume wenye vipele vya shingoni vya kunyoa nao hunufaika hivyo hivyo, hata kama ndevu hazijaisha. Wapo wanaokuja kwa hilo tu.

Katikati ya vikao aliniomba nipande mashavuni. "Hizi nazo zinaonekana kwenye jua." Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Malaika hazina rangi wala unene wa kushika mwanga wa Nd:YAG, hivyo haziungui. Zinapata joto dogo tu, na joto dogo inadhaniwa ndilo huziamsha: kuna watu ambao baada ya leza au IPL nywele zao laini hugeuka kuwa nene na nyeusi, au huota pembeni mwa sehemu iliyochomwa. Hutokea zaidi usoni na shingoni, zaidi kwa wanawake wenye ngozi ya kahawia hadi nyeusi, wenye matatizo ya homoni, na limeonekana sana kwa wenye asili ya Mashariki ya Kati na Asia Kusini. Ukiijua Mombasa, na jinsi damu za Kiarabu, Kibaluchi na Kihindi zilivyo ndani ya nyumba zetu, utaona kwa nini nalisema kwa mkazo. Mwanamke aliyeingia na malaika akatoka na ndevu za taya amepata hasara ambayo haikuwa lazima.

Jambo la homoni halikwepeki. Alipofika mara ya kwanza nilimuuliza kuhusu siku zake. Zilikuwa zikipotea miezi miwili, mitatu. Daktari alimpima, na karatasi ikarudi imeandikwa PCOS, yaani hitilafu ya ovari na homoni, ambayo ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya ndevu kwa mwanamke. Ovari na homoni zake zinaendelea kuambia vifuko vya kidevuni viote, na leza haiwezi kuzinyamazisha. Inaviunguza vilivyopo, vingine vinaamshwa. Alianza dawa, na aliambiwa wazi kwamba dawa za homoni huchukua miezi 6 au zaidi kabla nywele hazijaonyesha tofauti. Wanaotibiwa vyote viwili kwa pamoja huenda mbali zaidi kuliko wanaolipia leza peke yake. Na ikiwa ndevu zimekuja ghafla, kwa miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito au nywele za kichwani kuanza kupukutika kwenye paji la uso, hapo usije kwangu kwanza. Nenda kwa daktari, kwa sababu huweza kuwa uvimbe unaotoa homoni.

Hatari nyingine nazitaja kwa kifupi. Weusi baada ya kuungua ndio unaotokea mara nyingi, na kwa kawaida hufifia kwa miezi. Weupe, yaani ngozi kupoteza rangi, hutokea mara chache lakini hukaa zaidi, na wakati mwingine rangi hairudi. Mwenye historia ya keloidi, hasa kwenye taya au kifua, aseme kabla. Mjamzito asubiri. Anayetumia krimu ya retinoidi aiache kwanza kwa muda atakaoelekezwa.

Kuhusu mahali pa kwenda, mimi huwaambia watu waulize mashine ni ipi na wasome wenyewe kwenye skrini au ubavuni mwake, neno Nd:YAG au namba 1064. Waulize nani ataishika na daktari gani yuko nyuma yake. Jina la daktari linatafutwa kwenye orodha ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, mtandaoni. Waombe kuona picha za watu wa rangi yao. Na wasilipe kifurushi cha vikao vyote kabla ya jaribio kuiva, kwa sababu aliyekwisha kulipa huendelea hata ngozi inapomkataza.

Binti wa khalati yangu sasa huja mara moja kila baada ya miezi kadhaa, zinapojikusanya za kutosha kuchomeka. Hivi karibuni nimeziona kidevuni kwake nywele nyeupe chache, ngumu kama sindano. Hizo mashine haizioni hata kidogo, kwa kuwa hazina melanini, na nguvu yoyote utakayoongeza itaishia kwenye ngozi. Kwa hizo tumepanga sindano ya umeme, ambapo kila shimo huingizwa sindano nyembamba na kuunguzwa moja moja bila kujali rangi ya unywele. Ni kazi ya polepole, haifai kwa kidevu kizima, na mkono mzito nao huacha madoa kwenye ngozi yetu. Kwa nywele chache inafaa, na tutaanza na mbili tu, chini ya taya, halafu tusubiri wiki zile zile mbili.